Tarehe ya vidole imegongana na shifti: jinsi ya kuomba usogezewe bila kupoteza nafasi yako

Naandika hii kwa sababu watu wengi hapa Tanga wakipangiwa tarehe ya kwenda kupiga picha na kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, halafu ile tarehe ikaangukia siku ya kazi, wanafanya moja kati ya mambo mawili, ama wanatoroka kazini na kurudi kukuta wameshapigwa panga kwenye orodha, ama wanapuuza tarehe wanaenda kazini na kujipa moyo kwamba "nitaenda tu siku nyingine". Hii ya pili ndo inayoumiza zaidi, maana mtu anakuja kugundua baada ya miezi kwamba fomu yake imelala kwenye rundo la watu ambao hawakutokea na hakuna aliyemtafuta.

Nieleze kwanza hiyo tarehe yenyewe ni kitu gani, kwa sababu hapo ndo mkanganyiko unapoanzia. Maombi ya kitambulisho cha NIDA siku hizi unaweza kuyaanza mwenyewe kwenye mtandao, eonline.nida.go.tz, unafungua akaunti unajaza taarifa zako, unaprinti fomu, unaipeleka serikali ya mtaa ikagongwe muhuri, unaambatanisha vyeti vyako (cha kuzaliwa, cha shule, unavyo vyovyote vinavyokubalika) halafu ndo unaenda ofisi ya usajili ya wilaya. Mpaka hapo kila kitu kinaweza kufanyika bila wewe kusimama mbele ya mtu. Kinachobaki ni kile ambacho hakuna ndugu anaweza kukufanyia, yani picha, vidole na saini, na maswali mawili matatu ya kuhakiki uraia wako. Hiyo ndo tarehe tunayoizungumzia. Mwili wako lazima uwepo.

Sasa tarehe hizi zinakuja kwa njia tofauti na kila njia ina mwenyewe. Kuna ile anayokuandikia afisa kwa kalamu juu ya fomu yako au kwenye kikaratasi, akaiingiza na kwenye daftari lake. Hiyo mwenyewe ni ile meza, na meza ndo inaweza kuibadilisha. Kuna ile ya zoezi, mashine zinapelekwa kata fulani kwa siku kadhaa na mtaa wenu mnatangaziwa mje lini. Hapo ukiomba usogezewe hakuna wa kukusogezea kwa sababu si wewe uliyepangiwa, ni mtaa, na mashine haiwezi kubaki Makorora kwa ajili yako wakati kesho inatakiwa Mabawa, kwa hiyo swali la kuuliza pale si "nibadilishieni tarehe", swali ni "mkitoka hapa mnaenda kata gani na naweza kuwafuata huko, au nije ofisini wilayani". Na kuna tarehe inayokuja kwa meseji au iliyoprintiwa na mfumo ikiwa na namba ya maombi, hiyo ukimwambia mlinzi wa getini au hata karani wa mapokezi akakujibu sawa, hujabadilishiwa kitu, mpaka mtu mwenye mfumo aiguse ile namba.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua wala kupiga simu, jiulize tarehe yangu ameishika nani. Watu wanapeleka ombi zuri kabisa kwa mtu asiyeshika daftari, halafu wanalaumu ofisi yote.

Niende kwenye kisa cha mdogo wangu maana nilikifuatilia mwenyewe hatua kwa hatua.

Mdogo wangu ni kibarua bandarini. Mnaojua kazi ile mnajua haina kalenda ya ukutani, kalenda yake ni meli. Zamani meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali mzigo unashushwa kwenye matishari ndo uletwe nchi kavu, sasa hivi gati limechimbwa zinafunga zenyewe, na meli ikifunga kazi inakwenda mfululizo. Foromani anatoa orodha ya gengi, jina lako likiwemo unafanya mpaka meli iishe. Hataki mtu wa kumwambia nitakuja Jumanne na Alhamisi ila Jumatano nina shughuli, atakuelewa vizuri tu na atamchukua mwingine kwa siku zote tatu. Maana yake siku moja ya NIDA inamgharimu mdogo wangu siku tatu za posho.

Aprili mwaka 2025 alikuwa ameandikiwa kwenye fomu Jumatano tarehe 23, saa 3 asubuhi. Jumamosi tarehe 19 orodha ikatoka, meli ya mbolea, shifti ya asubuhi, Jumanne mpaka Alhamisi. Tazama kalenda ya wiki ile sasa. Ijumaa ilikuwa Ijumaa Kuu, Jumatatu tarehe 21 Jumatatu ya Pasaka, ofisi zote zimefungwa. Yani kutoka orodha ilipotoka mpaka siku ya tarehe yake kulikuwa na siku moja tu ya ofisi kufunguliwa, Jumanne, na Jumanne yenyewe yeye saa moja asubuhi yuko gatini anatoka saa tisa. Ofisi za serikali zinafungua saa moja na nusu asubuhi zinafunga saa tisa na nusu, kwa hiyo alikuwa na nusu saa ya kutoka bandarini, kunawa, kutafuta bodaboda na kufika kabla mlango haujafungwa. Hesabu haikubali.

Akaniambia "dada, niache tu, nitaenda wiki ijayo". Nikamwambia hapana, usiache, mtu akiomba kabla ya tarehe anaonekana ana ratiba, akija baada ya tarehe anaonekana hakutokea, na mbele ya meza hivyo ni vitu viwili tofauti hata kama sababu ni ileile. Vidole siwezi kukuwekea, ila barua naweza kukupelekea.

Hapa niseme kidogo kuhusu upande wa kazi, kwa sababu kuna watu wanaamini mwajiri anawajibika kukupa siku ya kushughulikia kitambulisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 kwa mzunguko, inakupa likizo ya ugonjwa, na ruhusa ya siku 4 yenye malipo ambayo ni ya mtoto kuumwa au kufiwa na watu wako wa karibu. Siku ya kwenda kupiga picha ya kitambulisho haimo. Kwa hiyo ukimwendea bosi unaenda kuomba hisani au kuomba siku moja ikatwe kwenye likizo yako, na ni vizuri ujue hivyo kabla hujafungua mdomo, maana wapo walioingia ofisini kwa bosi wakidai haki wakatoka bila ruhusa na bila maelewano. Mara nyingi jambo rahisi zaidi ni kubadilishana shifti na mwenzako, na hili lijaribu kwanza kabla ya kugusa tarehe ya serikali. Mwalimu anaweza kubadilishana vipindi, mlinzi anaweza kubadilishana usiku, nesi vilevile. Kibarua wa meli hawezi, ndo maana mdogo wangu ikabidi tuiguse tarehe.

Barua tuliiandika Jumapili usiku mezani kwa mama. Watu wanaogopa barua za ofisini wanafikiri lazima iwe ndefu na yenye maneno mazito. Hapana, afisa anayeisoma ana watu arobaini mbele yake, anatafuta vitu vinne tu, wewe ni nani kwenye daftari langu, tarehe gani unaikosa, kwa nini, na unataka lini. Tuliandika hivi:

"Afisa Usajili wa Wilaya, NIDA, Tanga.

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA TAREHE YA KUPIGA PICHA NA KUCHUKULIWA ALAMA ZA VIDOLE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi (jina kamili kama lilivyo kwenye fomu), mkazi wa Makorora, mwenye fomu namba (namba), nilipangiwa kufika ofisini kwako Jumatano tarehe 23/04/2025 saa 3 asubuhi. Sitaweza kufika siku hiyo kwa sababu nimepangwa kazi ya kupakua meli bandarini kuanzia tarehe 22 hadi 24/04/2025, shifti ya asubuhi. Nimeambatanisha nakala ya orodha ya kazi.

Naomba nipangiwe siku mojawapo kati ya hizi: Jumatatu tarehe 28, Jumanne tarehe 29 au Jumatano tarehe 30/04/2025, saa yoyote ya asubuhi. Kwa kuwa nitakuwa kazini, namtuma dada yangu alete barua hii pamoja na fomu yangu ili tarehe mpya iandikwe. Namba yangu ya simu ni (namba).

Natanguliza shukrani."

Saini, jina, tarehe. Basi. Hakuna habari ya shida za nyumbani, hakuna kulia, hakuna kumsifu afisa.

Nieleze kwa nini siku tatu na si moja, na kwa nini siku zile. Ukiomba siku moja tu ikiwa imejaa anakwambia imejaa na mazungumzo yamekwisha, wewe unarudi nyumbani. Ukisema "siku yoyote" ndo mbaya zaidi, na hili nitalirudia hapa chini maana lilitukuta. Siku tatu zinampa mtu nafasi ya kuchagua huku wewe bado unajua kwamba yoyote atakayochagua unaiweza.

Na kwa nini hatukuomba Ijumaa tarehe 25 wakati meli ilitakiwa kuisha Alhamisi? Kwanza ni mwezi wa masika. Mbolea haipakuliwi mvua ikinyesha, milango ya shimo la meli inafungwa watu wanakaa wanasubiri, kwa hiyo meli ya siku tatu inaweza kuwa ya siku nne bila mtu kushangaa. Pili Ijumaa hapa kwetu ikifika saa sita mji unaelekea msikitini, foleni ikivuta kidogo tu asubuhi unajikuta umevuka mpaka baada ya swala. Lakini sababu kubwa kuliko zote ilikuwa ni mikono yake.

Hili la mikono watu hawalihesabu kabisa wakati wa kuomba tarehe mpya na ndo linalowarudisha ofisini mara mbili. Ile mashine ya vidole ni kioo, inachosoma ni vile vimistari vya ngozi vinavyogusa kioo. Mtu anayebeba mifuko, anayechanganya saruji, anayeshika katani, mvuvi anayevuta kamba za nyavu, vile vimistari vinasagika vinakuwa bapa, na ngozi ikikauka mistari inaonekana imekatikakatika. Saruji ndo mbaya kabisa maana inasaga na inakausha kwa pamoja. Jirani yetu hapa fundi ujenzi alienda siku moja baada ya kumwaga jamvi, kidole gumba na cha shahada mkono wa kulia havikusoma kabisa, afisa akajaribu, akampa kitambaa cha maji afute, akajaribu tena, mwisho akamwambia arudi ngozi ikishatulia. Yani alitoroka kazi siku ile, akapoteza pesa ya siku ile, na bado akaambiwa aje tena. Hakuna mtu aliyemkosea, ni ngozi tu.

Ngozi inajirudi. Ukiiacha siku tatu nne bila kazi nzito, au ukivaa glovu siku hizo, ukapaka mafuta usiku, unaona mwenyewe mistari inaanza kurudi ukiangalia ncha ya kidole kwenye mwanga wa pembeni. Asubuhi ya siku yenyewe unanawa na sabuni uyatoe mafuta, maana mafuta nayo yanachafua kioo picha inatoka imevujavuja, unabakiza ngozi iwe laini na si ya kuteleza. Kwa hiyo kama kazi yako ni ya mikono, usiombe tarehe ya kesho yake baada ya kumaliza kazi, iombe siku kadhaa mbele.

Jumanne tarehe 22 saa moja na robo nilikuwa nje ya ofisi. Nilibeba barua nakala mbili, fomu yenyewe yenye ile tarehe ya kalamu, na orodha ya foromani ambayo ilikuwa picha ya watsap tukaenda kuiprinti stesheneri moja Ngamiani. Ile ya nakala mbili ni muhimu. Moja inabaki kwao, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokea na tarehe unaondoka nayo. Ofisi ambazo zina masjala barua inapokelewa pale, ofisi ndogo anapokea karani, haijalishi, unachotaka ni muhuri.

Mapokezi alikuwepo mama mmoja, nikamwamkia, nikamweleza. Akaniambia kwa upole kabisa, "mwambie aje tu siku yoyote akiwa na nafasi". Na hapa nataka wasomaji msimame kidogo, kwa sababu watu tisa kati ya kumi wangeshukuru na kuondoka. Alikuwa na nia njema, lakini ile "siku yoyote" haipo kwenye daftari. Jumatano afisa wa ndani akiita majina, jina la mdogo wangu lingeitwa, lisingejibu, lingewekewa alama ya hakufika. Na siku atakayokuja atakuwa ni mtu asiye na tarehe, anahudumiwa baada ya wenye tarehe zao kuisha, na kama hawaishi anaambiwa kesho. Kwa mtu anayelipwa kwa siku "kesho" ni hela.

Nikamwambia, "Samahani mama, naomba iandikwe tu, maana ratiba yake ya kazi inabana na akija bila tarehe atawasumbua." Akaniruhusu niingie kwa mwenye daftari. Kijana akaisoma barua, akafungua ukurasa wa Jumatano, akakata jina, akageuza karatasi mbele, akasema "Alhamisi ya wiki ijayo". Nikahesabu kwa vidole. Alhamisi ya wiki ijayo ilikuwa tarehe 1 Mei. Nikamwambia kaka hiyo ni Mei Mosi. Akaangalia kalenda akacheka akasema kweli, akaandika Jumatano tarehe 30. Aprili na Mei ndo ziko hivyo, Pasaka inapita, tarehe 26 Muungano, tarehe 1 Mei Mosi, na kuna miaka Idd inaangukia humohumo kwa mwezi kuandama. Anayeandika tarehe mpya anaandika haraka, kazi ya kuangalia sikukuu ni yako.

Kisha nikamuomba vitu viwili zaidi. Cha kwanza, ile tarehe ya zamani juu ya fomu aikate kwa kalamu na aandike mpya pembeni yake na asaini, ili fomu na daftari vikubaliane. Fomu yenye tarehe ya zamani na maelezo ya mdomo ya tarehe mpya inazua ubishi getini, mlinzi anasoma kilichoandikwa. Cha pili, saa aandike kwa maneno, "saa 3 asubuhi". Hii inaonekana ndogo lakini imewaponza wengi. Mfumo au meseji ikikuandikia 09:00, kuna mtu anasoma saa tisa anafika mchana ofisi inafungwa, kumbe ni saa tatu asubuhi. Na ukiandikiwa 3:00 tupu hujui kama aliyeandika alikuwa anafikiria saa ya Kiswahili au ya simu. Ukipokea tarehe ya namna hiyo uliza palepale, asubuhi au mchana, na uiandike mwenyewe kwa maneno pembeni.

Mpaka saa mbili na dakika chache nilikuwa nimeshatoka. Meli ile mvua iliinyeshea Alhamisi, ikaisha Ijumaa tarehe 25 mchana. Tungeomba Ijumaa tungekuwa tunaomba kubadilishiwa mara ya pili, na ombi la pili halipokelewi kwa uso uleule wa kwanza.

Kuna kosa moja nataka kulitaja peke yake kwa sababu linafanywa na watu wenye akili timamu kabisa. Mtu akikosa tarehe, anaona aibu kurudi au anasikia ofisi ya wilaya nyingine foleni ni fupi, basi anafungua maombi mapya kule, labda alikuwa Tanga mjini anaenda kujaza upya Muheza au Korogwe kwa shangazi. Usifanye hivyo. Mfumo unalinganisha alama za vidole za kila anayeingia na za waliokwishaingia, na taarifa za mtu mmoja zikionekana mara mbili, tena zikiwa na tofauti ndogo kama herufi ya jina au mtaa, maombi yanasimama mpaka mtu akae ayachunguze. Tarehe uliyoikosa ni kitu chepesi kurekebisha, maombi mawili ya mtu mmoja ni kitu kizito. Kama ni lazima uhudumiwe wilaya nyingine kwa sababu kazi imekuhamisha, nenda na fomu ileile na namba ileile uwaulize, usianze upya.

Kitu kingine cha kuangalia kabla hujakubali tarehe ya mbali ni makaratasi yako yenyewe. Barua ya serikali ya mtaa ina tarehe juu yake, na ikikaa sana afisa anaweza kukwambia kalete mpya, kwa hiyo ukisogezewa miezi badala ya siku, muulize palepale kama barua hii bado itafaa siku hiyo. Ni swali la sekunde tano linalokuokolea safari ya kumtafuta mwenyekiti.

Kwa wale wa leseni ya udereva mambo yanafanana lakini kuna tofauti inayouma. Leseni inatolewa na TRA, inadumu miaka 5 kwa ada ya shilingi 70,000, na wao pia wanachukua picha na vidole. Tofauti ni kwamba kitambulisho cha taifa ukichelewa wiki moja unachelewa tu, leseni ukichelewa wiki moja na ilikuwa inaisha Jumatatu, basi kuanzia Jumanne wewe huna leseni hai. Kusogezewa siku ya picha hakurefushi maisha ya leseni. Trafiki pale Pongwe au Kange anasoma tarehe iliyo kwenye kadi, hasomi barua yako ya kuomba kusogezewa. Dereva wa lori au wa daladala anayeomba tarehe mpya lazima aanze na swali leseni yangu inaisha lini, na siku anazopendekeza ziwe zote kabla ya hapo, na kama haiwezekani basi amwambie tajiri mapema kwamba kuna siku kadhaa hatakaa kwenye usukani. Kingine ni malipo. Ukishatengenezewa namba ya malipo, ile kontroo namba, ina tarehe yake ya mwisho, ukisogeza safari yako na hujalipa usije ukaenda kulipia namba iliyokwishakufa ukadhani mtandao wa simu ndo mbovu. Unaomba nyingine, si tatizo kubwa, ila lijue kabla hujapanga foleni. Na ile siku ya kujaribiwa na polisi wa usalama barabarani ni jambo jingine kabisa, huko mara nyingi mmepangwa na shule yenu ya udereva kwa kundi, kwa hiyo unaongea na shule wakuingize kundi linalofuata.

Kwa wenye ajira za kudumu, kuna swali la barua ya mwajiri, inahitajika au haihitajiki. Inasaidia, kwa sababu ina muhuri na ofisi inaheshimu ofisi. Lakini msiisubiri. Nimeona mtu anakaa wiki nzima anasubiri meneja arudi safari asaini barua, tarehe imepita ndo barua inatoka. Ratiba ya shifti iliyobandikwa ukutani, ukaipiga picha ukaiprinti, inatosha kuonyesha kwamba husemi uongo. Ikija barua ya mwajiri basi iwe na siku na saa za kazi, isiwe ile ya "tajwa hapo juu ni mfanyakazi wetu mwaminifu" halafu basi, uaminifu haujaulizwa na mtu, kinachoulizwa ni kwa nini tarehe 23 huwezi kuja.

Jumatano tarehe 30 mdogo wangu alifika saa mbili na nusu na fomu yake na nakala yenye muhuri mfukoni. Siku nne hakugusa mfuko hata mmoja na kila usiku mama alimpaka mafuta ya nazi. Waliita majina, lake likawemo. Vidole tisa vilisoma mara ya kwanza, gumba la kushoto likagoma, akalifuta kwenye suruali, afisa akamwambia ligandamize taratibu usilibonyeze kwa nguvu, likakubali. Saa tano alikuwa nyumbani.

Kadi haikuja siku hiyo na haijawahi kuja siku hiyohiyo kwa mtu yeyote ninayemjua, kinachotangulia ni namba. Ilipotoka aliipata kwa simu, *152*00#, akanipigia akiwa gatini kelele za kreni nyuma yake, nikamwambia nisomee. Tarakimu 20. Nikamwambia anza na nane za mwanzo polepole, mwaka, mwezi, siku, maana hiyo ndo tarehe yako ya kuzaliwa na kama wamekosea ni bora tujue leo. Akasoma. Nilikuwa na cheti chake cha kuzaliwa mkononi, nikalinganisha moja moja mpaka ya nane.